Invoisi Moja, Watumaji Wanne

Wanaume wanne walikuwa kwenye foleni moja, na kila mmoja alikuwa na nakala ya karatasi ileile.

Cicily Igoki alikuwa ameambiwa akae mbali nao, kwa hivyo alikaa kwenye viti vya wateja karibu na mlango wa benki, mkoba mapajani, akijifanya hawajui. Wa kwanza alikuwa Mugendi, kaka mkubwa wa marehemu mume wake. Nyuma yake ndugu yake Runji, halafu mabinamu wawili waliotoka Manyatta asubuhi na viatu vyao bado vina udongo wa shamba. Ilikuwa Jumatano. Chuo cha Uingereza kilitaka pauni elfu nane kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni, saa za kule, la sivyo nafasi ya binti yake Kanini ingepewa mtu mwingine.

Mpango ulikuwa wa Mugendi. Mtu fulani alimwambia kwamba benki zinauliza maswali ukifikisha dola elfu kumi. Pauni elfu nane zinapita hapo kidogo. "Basi tunagawa," alisema siku walipopanga, akikata hewa na kiganja kama anayekata mkate. "Kila mtu pauni elfu mbili. Nani atauliza mtu kuhusu pauni elfu mbili?"

Pesa zenyewe zilikuwa tayari zimegawanywa. Tangu siku ya mchango, shilingi milioni moja na laki nne na elfu ishirini zilikuwa zimekaa kwenye akaunti za hao wanaume wanne, sehemu sawa. Hakuna senti iliyoachwa kwa Cicily. Alipouliza kwa upole kwa nini, aliambiwa pesa ya ukoo inawekwa na ukoo.

Mugendi alifika kwenye dirisha la malipo ya nje ya nchi. Aliyeketi pale alikuwa mwanamke wa makamo, beji yake imeandikwa Gladys, sauti yake ya taratibu. Alisoma invoisi, ile ankara ya karo kutoka chuoni, akachapa kidogo kwenye kompyuta, akauliza maswali, akamwambia asubiri kando. Runji akaja. Gladys alisoma invoisi. Safari hii hakuchapa. Aliinua macho, akaangalia foleni, akaona karatasi mbili zaidi zenye nembo ileile ya bluu.

"Mzee," alimwambia Runji, "na hao wawili nyuma yako pia wanalipia Kanini?"

Runji hakuwahi kujua kunyamaza. "Madam, huyo mtoto anapendwa."

Mabinamu wakacheka. Mugendi alimkazia ndugu yake macho mpaka kicheko kikakatika.

"Mama mzazi yuko?" Gladys akauliza.

Cicily akajikuta amesimama.

Waliingizwa wote kwenye kachumba kadogo kenye meza na viti vitatu. Cicily alipewa kimoja, Mugendi kimoja, wengine wakasimama ukutani kama watoto walioitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Gladys akafunga mlango.

"Sitapitisha hizi fom nne," alisema.

"Kwa nini? Pesa ni zetu!" Mugendi aliinuka nusu. "Kenya siku hizi mtu akitaka kutuma pesa nje anatuma. Hiyo sheria ya zamani ya kuomba ruhusa ilitolewa. Ama ilirudishwa tukiwa tumelala?"

"Haijarudishwa, mzee. Hamhitaji ruhusa ya mtu yeyote. Mkitaka kutuma dola elfu kumi, mtatuma. Mkitaka hamsini, mtatuma. Benki Kuu inachotaka ni kwamba malipo yakifika hapo, sisi tuwe na karatasi zinazoonyesha ni ya nini na pesa imetoka wapi. Hata ikiwa chini ya hapo tunaweza kuuliza, tukiona haja."

"Sasa hiyo ndiyo tulikuwa tunaepuka," Runji akasema. "Usumbufu."

"Ndio mmeuleta." Hakusema kwa ukali. "Malipo halali ya karo, ya mtoto mmoja, kwa chuo kimoja, yakikatwa vipande vinne siku moja ili yasifike mahali fulani, yanaonekana kama ya mtu anayeficha. Na nyinyi hamna cha kuficha. Ama mnacho?"

"Tuna nini sisi?" Binamu mmoja alisema. "Tuna majani chai."

Cicily alisogeza kiti karibu na meza. "Madam," alisema, "Ijumaa ndiyo mwisho. Kanini alisoma shule ya Kaaga kwa shida, akapita, ameomba vyuo kumi na moja. Hiki kimoja ndicho kimemkubali na kumpa ufadhili wa chakula na malazi. Uhandisi wa maji. Sisi tunadaiwa hizi elfu nane tu. Zikikosa..."

Gladys alichukua karatasi nyeupe akaanza kuandika huku akisema, polepole, ili wote wasikie.

"Fom ya kutuma ni moja. Mtumaji ni mmoja. Nitataka kitambulisho chake na PIN yake ya kodi ya KRA. Barua ya chuo ya kumkubali Kanini. Invoisi, hii hapa, nimeona ina namba yake ya mwanafunzi na akaunti ya chuo, na namba za benki za kimataifa, IBAN na SWIFT code, ziko. Nakala ya pasipoti ya Kanini. Cheti cha kuzaliwa, ili nione mtumaji na mtoto wanahusiana vipi. Halafu chanzo cha pesa."

"Visa hatuna," Cicily akasema haraka. Alikuwa amekesha wiki nzima akiiwaza hiyo visa. "Nilisikia mnataka visa."

"Wengine wanakuwa nayo, tunaiweka kwenye faili. Lakini Kanini hawezi kuwa nayo sasa. Ubalozi unataka uthibitisho kutoka chuo, na chuo hakitoi uthibitisho kabla ya karo ya mwanzo. Nitaandika hivyo. Akiipata mtaniletea nakala."

Cicily alisogeza barua ya chuo upande wa Gladys.

"Mtumaji ni mimi," Mugendi alisema. "Andika Mugendi. Hawa wataweka kwangu, natuma yote."

Gladys aliweka kalamu chini. "Inawezekana. Utaniletea barua ya kueleza wewe ni nani kwa mtoto. Lakini hebu tuangalie upande wa chuo kwanza. Kanini alijaza nani kama mlipaji?"

Cicily alikuwa amejaza ile fom na Kanini kwenye simu, wakiwa wamekaa jikoni. "Mimi. Mama."

"Basi chuo kinatarajia pesa kutoka kwa mama. Ikitoka kwa jina lingine wanaweza kuishikilia mpaka waulize, na nyinyi hamna siku za kuulizwa. Na kuna kitu kingine mjue mapema. Visa ikikataliwa, chuo kinarudisha pesa kwa akaunti iliyotuma. Si kwa mwingine."

Cicily hakuhitaji kumwangalia Mugendi.

"Ndiyo hiyo ninayoogopa," Mugendi alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Madam, nitasema ukweli. Huyu ni mke wa ndugu yangu, na ndugu yangu hayuko. Kwao ni Kiambere, huko chini kwa bwawa. Pesa ya ukoo ikirudi kwake, kesho akirudi kwao, tutaifuata kwa ngamia?"

"Kiambere hakuna ngamia, Baba Mukiri," Cicily alisema, akimwita shemeji yake kwa jina la mwanawe. "Kuna mbuzi."

Runji aliangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Mnaona anavyonijibu?" Mugendi alisema.

Gladys aliangalia saa ya ukutani. "Pauni zinatoka hapa kabla ya saa nane mchana. Saa hiyo ikipita, ni kesho. Leo hamtawahi kwa sababu ya kitu kimoja. Chanzo cha pesa. Mnasema ilikuwa mchango wa familia na marafiki. Kuna orodha ya waliochanga? Kuna kumbukumbu za mkutano?"

Mugendi alisafisha koo. Siku ya mchango yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti. Aliyasoma majina kwa sauti, moja moja, na kiasi, na watu wakapiga makofi, na wale waliochanga nyingi aliwaita mara mbili. Ndivyo inavyofanyika. Mtu akishasikika, ameandikwa.

"Orodha iko," alisema. "Iko kichwani."

"Nitaipigaje fotokopi?" Gladys akauliza.

*

Saa tisa walikuwa wamerudi Manyatta, kwa nyumba ya Cicily, meza imetolewa nje uani penye mwanga. Mabinamu walikwenda kukama. Walibaki Mugendi na kitabu kipya cha mistari, Runji na simu yake, Cicily na ya kwake, na Kanini akimimina chai bila kuinua macho.

Gladys alikuwa amewaelekeza vizuri: kichwa cha habari, tarehe ya mkutano, sababu ya mchango, jina la kila aliyetoa na kiasi, njia aliyotumia, halafu sahihi za kamati. Taarifa za M-Pesa zichapishwe ziambatanishwe, ili majina yaonekane pande zote mbili.

Walianza vizuri. Mugendi alikumbuka watu kwa mpangilio wa viti walivyokalia. Mwalimu Gitari, elfu thelathini. Veronicah wa kiwanda cha chai, elfu kumi na mbili. Kanisa, elfu themanini na tano. Runji alihakikisha kwenye simu, akisema "iko" au "hapana, ilikuwa tisa, ulimwongezea". Majina hamsini na nne yakaingia. Mugendi akapiga mstari, akajumlisha mara mbili, akachukua kalkuleta ya simu akajumlisha mara ya tatu.

"Haifiki," alisema. "Imebaki laki tatu na elfu ishirini na tatu."

"Zile za mwisho," Runji akasema. "Ulizisoma ukisema 'na wengineo'."

"Wengineo ni nani?"

Cicily alisukuma simu yake katikati ya meza. Kabla ya mchango alikuwa amezipokea moja moja kwa siku kumi, akazituma zote kwa Mugendi kwa mafungu, kama alivyoagizwa. "Ni wa Kiambere," alisema. "Andika, nitakusomea."

Alianza na dada yake, elfu kumi na nane, za ndengu alizouza kabla bei haijapanda. Akamsoma mjomba wake wa bodaboda, elfu nne mia tano, alizotuma mara tisa. Mugendi aliandika. Wanawake wa kikundi cha maji, majina ishirini na moja, wengine mia tatu mia tatu. Baada ya jina la kumi na mbili mkono wa Mugendi ulikuwa umepunguza kasi.

"Mzee Njeru," Cicily akasoma. "Laki moja na elfu arobaini."

Kalamu ikasimama. "Njeru gani?"

"Baba yangu."

"Alitoa wapi hizo?"

"Aliuza mbuzi kumi na nne." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya sukari. "Amebaki na watano."

Mugendi alikuwa ametoa elfu hamsini na tano, na watu walimpigia makofi mara mbili. Aliangalia lile jina alilokuwa ameandika nusu. Kuku mmoja alipita chini ya meza.

"Hakuja siku ile," Mugendi akasema.

"Alikuja. Alikaa nyuma, na wazee wengine kutoka kule. Walisubiri kusikia majina yao mpaka mwisho, halafu wakaenda."

Mugendi hakusema pole. Alimaliza kuandika jina, akaandika na kiasi, na Cicily aliona kwamba herufi za mstari huo zilikuwa kubwa kuliko za mistari mingine. Akaomba asomewe linalofuata. Waliandika mpaka jua likaelekea mlimani, na hesabu ikafika.

"Sasa hiyo mambo ya pesa kurudi," Mugendi akasema, akigeuza ukurasa. "Tunaiandika hapa hapa kwa kumbukumbu. Kwamba kamati imekubali mama atume kwa akaunti yake. Na visa ikikataliwa, pesa ikirudi kwake, kamati inakaa na kuamua pamoja. Na kwenye kamati," alisita, akiangalia kalamu, "tunaongeza Mzee Njeru. Kama atakubali."

"Muulize wewe," Cicily akasema. "Namba unayo hapo."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi wanaume wanne walisimama tena foleni, lakini safari hii kila mmoja alihamisha fungu lake kwenda akaunti ya Cicily, palepale tawini. Gladys alipokea kitabu, akasoma kurasa zote nne, kidole kikishuka na mistari. Alilinganisha na taarifa za M-Pesa. Alisimamia fotokopi mwenyewe.

Halafu akataja bei ya pauni ya siku hiyo na Cicily akaomba airudie. Kwenye simu ya Kanini pauni moja ilikuwa shilingi mia moja sabini na nne. Benki ilikuwa inauza kwa mia moja sabini na nane na senti arobaini. Kwa pauni elfu nane hiyo ilikuwa inazidi walichokuwa nacho kwa zaidi ya elfu saba, kabla ya gharama.

"Google inasema..." Kanini alianza. Safari hii alikuwa amekuja na mama yake.

"Google haiuzi pauni," Gladys alimwambia, bila kumkejeli. "Ile ni bei ya katikati, ya kuangalia. Lakini kwa kiasi kama hiki unaruhusiwa kuomba bei nafuu. Watu hawajui, hawaombi." Akainua simu ya mezani, akaongea na mtu wa Nairobi, akasubiri, akacheka kidogo na huyo mtu, akaandika namba: mia moja sabini na sita na senti ishirini.

Milioni moja, laki nne na elfu tisa na mia sita. Cicily alipiga hesabu kwa vidole chini ya meza. Zilibaki elfu kumi na mia nne.

"Gharama za benki za njiani," Gladys akaendelea, "mnaweza kuacha zikatwe kwenye pesa, au mlipe hapa. Mkiacha zikatwe, chuo kitapata pungufu ya elfu nane, na pungufu hata kwa pauni kumi ni deni kwao. Nawashauri mlipe zote hapa. Ni kama elfu tano."

"Lipa," Mugendi akasema.

Fom ilikuwa na sehemu ya mwisho, mistari michache ya maelezo ya malipo. Mugendi alisogea. Cicily alijua anachotaka. Njiani alikuwa amesema jina la ukoo lingefaa lionekane kule, japo mara moja.

"Hapa tunaweka nini?" Mugendi aliuliza.

"Jina la Kanini na namba yake ya mwanafunzi. Pesa nyingi zinaingia kwa akaunti ya chuo kila siku. Hiyo namba ndiyo wanatafutia. Nikiweka kingine, pesa itafika na mtoto hatajulikana."

Mugendi alifikiria. "Weka ya mtoto," alisema, akarudi nyuma.

Cicily alisoma namba tarakimu kwa tarakimu, Kanini akiifuata kwenye barua. Akatia sahihi. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Saa saba Gladys alimpa karatasi ya SWIFT ya kuthibitisha pesa imetumwa, akamwambia Kanini aipige picha na kuituma chuoni saa hiyo hiyo, na aeleze kwamba pesa inaweza kuchukua siku moja hadi tatu za kazi.

"Tatu?" Cicily akasema. "Mwisho ni kesho."

Gladys hakudanganya. "Nimefanya ninachoweza, mama. Ikishatoka hapa inapita mikononi mwa benki zingine. Omba itembee."

*

Ijumaa hakuna aliyekwenda shamba. Mugendi alikuja saa nne kuuliza, akaja tena saa saba, akaja saa tisa na mkungu wa ndizi ambao hakusema ni wa nini. Kanini aliiweka simu juu ya meza, skrini juu, na kila ilipolia ilikuwa ni kundi la kanisa.

Saa kumi na mbili jioni, wakati Uingereza bado walikuwa ofisini, barua pepe ikaingia. Kanini aliisoma kimya, halafu akaisoma tena kwa Kiswahili, akisita kwenye maneno.

"Wanasema wamepokea ile karatasi ya benki. Pesa yenyewe hawajaiona. Kwa sababu tumethibitisha imetumwa kabla ya mwisho, na jina la mlipaji linalingana, wananishikilia nafasi mpaka Jumatano. Ikiwa haijaonekana Jumatano, wataifungua kwa wengine."

"Kwa hivyo imekubaliwa?" Mugendi akauliza.

"Haijakataliwa, baba mkubwa."

Mugendi alikaa chini kwa kishindo. Cicily alichukua simu kutoka mkononi mwa mtoto na kuisoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa Kiingereza alichokipata kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, akitafuta mahali ambapo pangeweza kumaanisha vibaya zaidi. Hakupaona. Hakuona pia mahali pa kufurahia. Kulikuwa na Jumamosi na Jumapili katikati, siku mbili ambazo benki hazitembei, halafu siku tatu za kazi.

"Mama," Kanini akasema, "nianze kupanga nguo ama nisianze?"

Cicily alimvuta akamkalisha karibu, kichwa cha msichana kikagusa bega lake. Alikuwa na miaka kumi na tisa na bado kilikaa pale vizuri.

"Anza na sweta," alisema. "Hata hapa Manyatta utaihitaji."

Nje, kwenye ua, Mugendi alikuwa amepiga simu. Sauti yake ilikuwa juu kama ya mtu ambaye mtandao wa upande wa pili ni mbaya. "Haloo? Haloo, Mzee Njeru? Ni Mugendi wa Manyatta. Ndiyo, huyo. Hapana, mtoto yuko sawa. Pesa haijafika bado. Tunangoja. Nimesema, tunangoja!"